Majipu Yasiyoisha Nyumbani: Siku Tano za Kuwaondoa Bakteria kwa Kaya Nzima, na Kwa Nini Vidonge Peke Yake Havitoshi

Jipu la kwanza linamtoka baba, pajani. Anapewa vidonge vya siku saba, jipu linapasuka, linapona. Wiki tatu baadaye mtoto wa miaka minne anaota moja kwenye kalio, naye anapewa vidonge. Mwezi unaofuata ni zamu ya mama, kwapani, siku mbili baada ya kunyoa. Kisha yanarudi kwa baba, safari hii shingoni. Kufikia hapo kabati lina mabaki ya antibaiotiki za aina tatu na kila mtu anasema "damu yetu imechafuka". Damu haihusiki. Tatizo liko juu ya ngozi na ndani ya pua, na haliko kwa baba peke yake.

Tutaitumia kaya hii ya watu watano kama mfano mwongozo mzima: baba, mama, binti wa miaka 14, mtoto wa miaka 4 na bibi mwenye kisukari. Binti hajawahi kuota jipu hata moja. Mweke akilini, maana ndiye anayesahaulika.

Anakoishi bakteria wa majipu

Karibu majipu yote husababishwa na bakteria anayeitwa stafilokokasi aureasi. Huyu si mgeni. Takriban mtu 1 kati ya 3 anaye puani bila dalili yoyote, na kutoka puani huhamia vidoleni, kisha kwapani, kinenani, makalioni na kwenye ngozi yoyote yenye mchubuko. Hukaa pia kooni. Akipata tundu la unywele lililokwaruzwa na wembe au na nguo inayobana, anaingia, mwili unamzungushia ukuta, na usaha unajaa ndani ya ukuta huo.

Mambo mawili hufanya kisa cha kaya kuwa tofauti na jipu moja la bahati mbaya. La kwanza ni kwamba mwili haujengi kinga ya kudumu dhidi ya bakteria huyu. Aliyeota jipu Januari anaweza kuota tena Machi kwa bakteria yuleyule. La pili ni kwamba baadhi ya aina za bakteria huyu hutoa sumu inayoua chembe nyeupe za damu, na aina hizo ndizo hupenda kuzunguka ndani ya nyumba: mtu mmoja akipona, mwingine anamrudishia kwa taulo, kitanda au mkono.

Kwa nini vidonge havizuii jipu lijalo

Si kwamba vidonge havifai kabisa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa zaidi ya 1,200 waliopasuliwa jipu na kutolewa usaha waligawanywa: wengine wakapewa kotrimoksazoli, wengine vidonge visivyo na dawa. Waliopata dawa walipona takriban 80 kati ya 100, na waliopata vidonge tupu takriban 74 kati ya 100. Soma namba hizo pande zote mbili. Dawa iliongeza kidogo, lakini kazi kubwa ilifanywa na kisu.

Sababu ni kwamba katikati ya jipu hakuna damu inayopita. Dawa iliyomezwa husafiri kwa damu, hufika kwenye ukuta wa jipu na kuishia hapo. Ndani, usaha una asidi, bakteria wamepunguza kasi ya kuzaliana, na antibaiotiki nyingi huua vizuri bakteria anayezaliana tu. Ndiyo maana jipu lililoiva humaliza dozi nzima likiwa bado linapwita.

Kisha kuna pua. Dawa nyingi za kumeza za jamii ya penisilini hazifiki kwenye ute wa pua kwa kiasi cha kumfuta bakteria pale. Jipu linakauka, chanzo kinabaki. Hata kama vidonge vya baba vingesafisha pua yake, binti bado anaye bakteria yuleyule, na taulo la bafuni ni moja.

Sababu ya mwisho ni uchaguzi wa dawa. Stafilokokasi walio wengi sana hutengeneza kimeng'enya kinachovunja amoksilini na penisilini ya kawaida, kwa hiyo amoksilini pekee kwa jipu ni karibu sawa na kutotoa kitu. Wapo pia wenye usugu mkubwa zaidi, wanaojulikana kwa ufupisho MRSA, ambao hawajali kloksasilini wala sefaleksini. Kila kozi isiyomgusa huua bakteria wapole wa ngozi na kumwachia yeye nafasi. Mtu akisema "kila nikimaliza dozi yanaongezeka", mara nyingi anaeleza jambo hili bila kujua.

Kabla ya siku tano: hakikisha ni majipu, na umalize yaliyopo

Usianze kusafisha kaya wakati mtu mmoja bado ana jipu linalotoa usaha. Jipu moja lililo wazi humwaga bakteria wengi kila siku, na kazi yote ya siku tano itapotea. Kwa hiyo kwanza yatibiwe yaliyopo.

Jipu dogo lisilofikia sentimita 2 mara nyingi hujipasukia lenyewe. Lowesha kitambaa safi kwa maji ya moto yanayovumilika, likande dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku, na kitambaa hicho kiende moja kwa moja kwenye nguo za kufuliwa. Usilikamue. Kukamua huvunja ule ukuta kwa ndani na kusukuma usaha pembeni, na unakuta kesho yake lililokuwa moja ni mawili. Jipu la puani, mdomo wa juu au karibu na jicho halikandwi kwa nguvu wala halitumbuliwi nyumbani kwa hali yoyote, kwa kuwa mishipa ya eneo hilo huelekea ndani ya fuvu.

Jipu kubwa lililolainika katikati linahitaji kupasuliwa na mhudumu wa afya. Hapo ndipo penye nafasi ambayo kaya nyingi huipoteza: omba usaha ule upelekwe maabara kuoteshwa na kupimwa ni dawa gani inaua. Usaha unaofutwa kwa pamba na kutupwa ulikuwa na jibu la swali zima. Kwa familia yetu, kipimo cha jipu la shingoni la baba kinaonyesha stafilokokasi mwenye usugu kwa kloksasilini, lakini anayekufa kwa kotrimoksazoli na doksisaiklini. Sasa inajulikana kwa nini kozi tatu za awali zilipita bure, na daktari anaandika dozi fupi inayolenga, ya kusindikiza kupasuliwa. Tahadhari moja: rifampisini isitumike peke yake kwa kazi hii, kwani bakteria hujenga usugu dhidi yake ndani ya siku chache.

Wakati huohuo angalia kama kuna kitu kinachofungua mlango. Bibi apimwe sukari, maana sukari isiyodhibitiwa hulisha tatizo hili. Anayeota majipu mara kwa mara na hajui hali yake apime sukari na virusi vya ukimwi. Mwenye pumu ya ngozi au upele unaowasha atibiwe huo kwanza. Ngozi iliyochubuka kwa kujikuna hubeba bakteria huyu kwa wingi na itamrudisha ndani ya wiki. Na kama uvimbe hutokea kwapani na kinenani tu, mahali palepale miaka nenda rudi, unaacha makovu na vijitundu vinavyopitana chini ya ngozi, huo huenda ni ugonjwa mwingine wa vinyweleo unaohitaji tiba yake. Kusafisha pua hakutaugusa.

Kukusanya vitu

Dawa za msingi ni mbili: mafuta ya mupirosini ya asilimia 2 kwa ajili ya pua, na sabuni ya maji ya klorheksidini ya asilimia 4 kwa ajili ya mwili. Mupirosini huhitaji cheti cha daktari sehemu nyingi. Soma tyubu: yapo ya pua na yapo ya ngozi, na baadhi ya yale ya ngozi yametengenezwa kwa kilainishi kinachowasha ndani ya pua. Ukipewa ya ngozi, muulize mfamasia kabla ya kupaka.

Kila mtu awe na tyubu yake yenye jina. Tyubu moja kwa watu watano ni njia nzuri ya kugawana kile mnachotaka kukiondoa. Kwa sabuni, hesabu ni hii: mtu mzima hutumia takriban mililita 30 kwa kuoga mara moja, yaani mililita 150 kwa siku tano. Watu wanne wakubwa ni mililita 600. Mtoto wa miaka 4 anatosheka na nusu, mililita 75. Jumla ni 675, kwa hiyo chupa mbili za mililita 500 zinatosha na kubaki za kuoshea nywele. Mama mjamzito, mtoto mchanga na mwenye ngozi iliyopasukapasuka waonwe na daktari kabla ya kuanza. Mtu aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa klorheksidini asiiguse kabisa.

Taulo ziwe angalau mbili kwa kila mtu, ili moja ikauke nyingine ikitumika. Kama hazitoshi, vipande vya khanga au shuka kuukuu vilivyofuliwa hufanya kazi ileile.

Siku tano zenyewe

Watu wote wanaolala ndani ya nyumba huanza siku moja. Hilo ndilo sharti linalovunjwa zaidi, na ndilo lenye ushahidi. Utafiti uliofanyika St. Louis, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012 ulilinganisha familia ambazo mgonjwa peke yake alisafishwa na familia ambazo wote walisafishwa. Mwezi mmoja baadaye, wagonjwa wa pande zote mbili walikuwa wameondokewa na bakteria kwa kiwango kilekile, karibu nusu. Lakini ndani ya mwaka mmoja majipu yalirudi kwa wagonjwa takriban 72 kati ya 100 katika kundi la kwanza, na 52 kati ya 100 katika kundi la pili. Kwa hiyo binti wa miaka 14 asiye na jipu anaingia, apende asipende.

*Pua, asubuhi na jioni.* Penga kamasi kwanza, nawa mikono. Weka mafuta ya ukubwa wa kichwa cha kiberiti kwenye ncha ya kijiti cha pamba, paka sehemu ya mbele ya ndani ya tundu moja, kisha tumia kijiti kingine kwa tundu la pili. Usisukume juu, bakteria wanakaa pale mbele penye vinyweleo. Bana pua kwa vidole na kuikandakanda kwa dakika moja ili mafuta yasambae. Ukihisi ladha yake nyuma ya koo baada ya muda, umepaka vizuri. Nawa tena. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, siku tano, na usimame. Kuendelea wiki tatu "kwa uhakika zaidi" ndiko kunakozaa usugu, na baada ya hapo huna dawa ya pua.

*Mwili, mara moja kwa siku.* Hapa watu hukosea kwa namna moja karibu wote: hupaka sabuni ya klorheksidini na kuisuuza papo hapo kama sabuni ya kawaida. Dawa hii inahitaji muda wa kukaa juu ya ngozi. Lowesha mwili mzima, funga maji au weka kata pembeni. Mimina sabuni kwenye mkono au kitambaa safi, bila kuichanganya na maji ya ndoo. Anza shingoni, shuka kwenye makwapa, kifua, mgongo, kitovu, kinena, kisha makalio na mfereji wake mwishoni. Subiri dakika 2 nzima. Hesabu, maana dakika mbili za kusimama ukiwa umeloa ni ndefu kuliko unavyodhani. Ndipo usuuze. Usimalizie kwa sabuni ya kawaida wala losheni yenye harufu mara tu baada ya kuoga, kwa sababu nyingi hulemaza dawa iliyobaki kwenye ngozi. Isiingie machoni, mdomoni, wala ndani ya masikio, ambako inaweza kuharibu usikivu. Wala isipakwe ndani ya sehemu za siri. Kwa mtoto wa miaka 4, uso uachwe kabisa.

Siku ya kwanza na ya tatu, nywele zioshwe kwa sabuni hiyohiyo, kisha zisuuzwe vizuri.

*Vitu.* Kila baada ya kuoga, taulo safi na nguo safi, hasa za ndani. Foronya zibadilishwe kila siku, mashuka siku ya kwanza na siku ya tano. Zifuliwe kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, zikaukie juani kabisa, na kama kuna pasi, zipigwe pasi. Kukauka ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri: taulo lenye unyevunyevu lililokunjwa nyuma ya mlango ni makazi. Wembe wote wa zamani utupwe, miswaki ya vikucha na vikata kucha vichemshwe, kucha zikatwe fupi. Simu, vishikio vya milango, bomba na kiti cha choo vifutwe kila siku. Sabuni ya mche ya kuogea iondolewe, itumike ya maji. Kwa siku hizi tano mama na binti wasinyoe.

Jambo dogo linalowatisha watu: nguo au taulo lenye mabaki ya klorheksidini likiloweshwa kwenye dawa ya klorini ya kufulia hutoka madoa ya kahawia yasiyofutika. Taulo za siku hizi zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, bila klorini.

Ratiba ya familia yetu

Jeraha la baba shingoni limefunga Jumatano. Wanachagua Ijumaa jioni, kwa sababu wote watakuwa nyumbani. Ijumaa wanaoga, wanapaka pua, wanalala kwenye mashuka yaliyofuliwa mchana. Jumamosi hadi Jumanne wanapaka pua asubuhi na jioni na kuoga mara moja. Jumatano asubuhi wanapaka mara ya mwisho, mara ya kumi, na mashuka yanafuliwa tena. Kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa bafu kila mtu ana visanduku 15: kumi vya pua, vitano vya kuoga. Bibi anakosa kimoja, binti anakosa viwili. Hilo si janga. Aliyekosa siku mbili mfululizo, huyo arudie mwanzo.

Miezi mitatu inayofuata

Bakteria huyu hurudi puani kwa watu wengi ndani ya miezi. Lengo halisi ni kuvunja mzunguko kwa muda wa kutosha ngozi ipone na kuyapunguza majipu, si kumfuta bakteria milele. Kwa hiyo baada ya siku tano mupirosini inasimama, lakini kuoga kwa dawa kunaweza kuendelea mara moja au mbili kwa wiki kwa wale walioota majipu.

Mbadala wenye gharama ndogo ni kujiloweka kwenye maji yenye klorini kidogo, dakika 15, mara mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu. Kipimo ni mililita 60 za dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5 kwa lita 50 za maji. Kwa mtoto anayekaa kwenye beseni la lita 20, ni mililita 25, yaani vijiko vidogo 5. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, tumia mililita 35 kwa beseni hilo. Dawa iwe ya kawaida, isiyo nzito na isiyo na manukato. Imiminwe kwenye maji kwanza na kukorogwa, mtoto aingie baadaye. Isichanganywe kamwe na dawa ya choo wala siki, kwani hutoa hewa ya sumu. Uso na macho vibaki juu ya maji. Kwa mtu mzima asiye na bafu la kujilaza, kubaki na klorheksidini ni rahisi zaidi.

Taulo moja kwa kila mtu iwe desturi ya kudumu. Kunyoa kufanyike kwa wembe wa mtu mwenyewe, ngozi ikiwa imelowa, kuelekea unywele unakolala. Au mashine ya kupunguza nywele itumike badala ya wembe. Jipu jipya likitokea lifunikwe kwa bandeji kavu siku hiyohiyo, na bandeji iliyotumika ifungwe kwenye mfuko kabla ya kutupwa.

Yakirudi

Jipu moja ndani ya wiki mbili za kwanza si lazima liwe dalili ya kushindwa. Huenda lilikuwa limeshaanza chini ya ngozi. Yakitokea mawili au zaidi baada ya mwezi, uliza maswali haya kwa mpangilio huu. Je, yuko mtu aliyelala ndani ya nyumba bila kuingia kwenye zile siku tano? Ndugu anayekuja wikiendi na msaidizi wa nyumbani husahaulika mno. Je, yuko aliyekuwa na kidonda wazi? Je, dakika mbili zilisubiriwa kweli? Jibu likiwa hapana, hapana, ndiyo, basi rudini kwa daktari mkiwa na usaha mbichi wa kuoteshwa, na muulize kama maabara inaweza kupima usugu dhidi ya mupirosini. Mzunguko wa pili unaruhusiwa. Wa tatu na wa nne bila kipimo ni kuotesha usugu kwa hiari.

Usisubiri ratiba yoyote kama kuna homa na kutetemeka, wekundu unaosambaa kwa saa, maumivu makali kuliko jipu linavyoonekana, jipu usoni lenye kuvimbisha kope, au jipu kwa mtoto mchanga. Vivyo hivyo kwa bibi: jipu lolote mguuni linaonwa na mhudumu siku hiyohiyo, na sukari yake ipimwe asubuhi na jioni mpaka jeraha lifunge.